Kishazi Kinachoning'inia Mwanzoni mwa Sentensi: Kosa la Sarufi au Utata? Mwongozo wa Kupima kwa Mfano Mmoja

Sentensi tutakayoipima ni hii:

Akivuka Barabara ya Morogoro eneo la Manzese, dereva wa bodaboda alimgonga mwanafunzi.

Ni sentensi ya kawaida ya habari fupi za ajali, ya aina ambayo mhariri yeyote wa Dar es Salaam amewahi kuikuta mezani kwake. Tuseme mwandishi wake alikusudia kueleza kwamba aliyekuwa akivuka ni mwanafunzi. Msomaji anayeikuta bila maelezo mengine, hata hivyo, huelekea kumwona dereva akikatisha barabara na pikipiki yake. Kishazi "akivuka Barabara ya Morogoro" kimetangulia bila kumtaja mwenyewe, na mwenyewe aliyekusudiwa hakukaa kwenye nafasi ya kiima cha sentensi kuu, bali amekaa mwishoni akiwa yambwa, yaani mtendwa. Kishazi cha namna hiyo ndicho tunachosema kinaning'inia.

Wahariri na walimu wengi wakikutana nacho huandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, "kosa la sarufi". Wengine husema sentensi ni sahihi, ila haieleweki vizuri. Mabishano haya si ya kitaaluma tu, kwa sababu hukumu mbili hizo zinamtaka mhariri afanye kazi mbili tofauti kabisa. Kosa la sarufi mhariri hulirekebisha palepale, kwa kuwa kanuni ya lugha anayo kichwani. Utata haurekebishwi kwa kanuni: unahitaji taarifa, na taarifa anayo aliyeandika au aliyeshuhudia. Anayeudhania utata kuwa kosa la sarufi atachagua maana moja mwenyewe, na huenda akamhamisha aliyekuwa akivuka barabara kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine, jambo ambalo kwenye habari ya ajali linaweza kubadilisha hata anayeonekana kuwa na hatia.

Hatua ya kwanza: fungua vitenzi na ukague kila kiambishi

Sarufi ya Kiswahili imebeba mzigo wake mkubwa kwenye upatanisho, kwa hiyo ukaguzi uanzie hapo. Chukua kitenzi cha kwanza, "akivuka", ukigawe: a-ki-vuk-a. Kiambishi a- ni cha nafsi ya tatu umoja, ngeli ya A-WA. -Ki- kinaonyesha tendo lililokuwa likiendelea wakati tendo la sentensi kuu linatokea. Kisha chukua "alimgonga": a-li-m-gong-a. Hapa a- kinapatana na "dereva", -li- ni wakati uliopita, na -m- kinapatana na "mwanafunzi".

Sasa jiulize swali moja kwa kila kiambishi: je, kuna nomino kinayopatana nayo, au kinapingana na nomino iliyokaa mahali pake? Kiambishi a- cha "alimgonga" kiko sawa, na -m- kiko sawa. Kiambishi a- cha "akivuka" hakipingani na nomino yoyote, ila kina wadai wawili, kwa maana dereva ni mtu na mwanafunzi ni mtu, na wote wawili wako umoja. Hakuna mahali ambapo upatanisho umevunjika. Tatizo letu ni kwamba kiambishi kimoja kimepata wenyewe wawili wanaostahili.

Ukaguzi huu peke yake haumalizi kesi, kwa sababu sarufi haiishii kwenye upatanisho. Inawezekana kuwepo kanuni nyingine, ya muundo, inayosema kwamba kishazi kinachotangulia lazima kiwe mali ya kiima cha sentensi kuu. Kanuni hiyo ndiyo wanayoitegemea wenye kalamu nyekundu, hata kama hawaitamki, na ndiyo itakayopimwa kwenye hatua ya tatu na ya nne.

Hatua ya pili: iweke kando ya sentensi ambayo ni mbovu kweli

Huwezi kujua kama kitu ni kosa la sarufi bila kuwa na kosa la sarufi la kukilinganisha nalo. Andika basi sentensi hii chini ya ile ya kwanza:

Akivuka Barabara ya Morogoro eneo la Manzese, dereva wa bodaboda kilimgonga mwanafunzi.

Hakuna Mswahili atakayeisoma hii bila kusita kwenye "kilimgonga". Kiambishi ki- hakipatani na "dereva". Jaribu sasa kuitafutia sentensi hii muktadha wa kuiokoa. Itangulize kwa aya nzima ya maelezo, eleza ajali tangu asubuhi, taja kituo, taja saa; ukirudi kwenye "dereva kilimgonga", ubovu uko palepale. Hii ni tabia ya kosa la sarufi: muktadha haulifuti.

Irudie sasa sentensi yetu na uitangulize kwa muktadha:

Mwanafunzi huyo alikuwa amesimama kandokando ya barabara akisubiri magari yapite. Akivuka Barabara ya Morogoro eneo la Manzese, dereva wa bodaboda alimgonga.

Utata umekwisha. Tumeliondoa neno "mwanafunzi" mwishoni kwa sababu limeshatajwa, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na kishazi kile kile kilichoning'inia sasa kimepata mwenyewe kwenye sentensi iliyotangulia. Badilisha utangulizi useme kwamba dereva alimwona abiria upande wa pili akataka kumwahi, na kishazi hicho hicho kitahamia kwa dereva bila kuguswa hata herufi moja. Umbo linalopokea maana mbili, na kila moja ikasomeka vizuri mara muktadha unapoletwa, si umbo bovu. Ni umbo lisilojitosheleza.

Mwaka 1965 mwanaisimu Noam Chomsky alisisitiza kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mno: usarufi wa sentensi, yaani kama imezalishwa kwa kanuni za lugha, na ukubalifu wake, yaani kama wasemaji wanaipokea kwa wepesi. Sentensi yaweza kuwa ya kisarufi na bado ikamkwamisha msomaji. Kwa hiyo kukwama kwako unapoisoma si ushahidi wa kosa. Inabidi kwanza ujue kilichokukwamisha.

Hatua ya tatu: badilisha nomino moja, muundo uache ulivyo

Hiki ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote katika Kiswahili, na kinachukua nusu dakika. Ondoa "dereva wa bodaboda", weka "pikipiki", na upatanishe kitenzi:

Akivuka Barabara ya Morogoro eneo la Manzese, pikipiki ilimgonga mwanafunzi.

Ajali ni ile ile, muundo ni ule ule, kishazi kimekaa pale pale mwanzoni, na bado mwenyewe si kiima cha sentensi kuu bali ni yambwa. Hata hivyo hakuna anayelalamika. Kiambishi a- hakiwezi kuwa cha pikipiki, ambayo ingedai i-, kwa hiyo kinamwendea mwanafunzi moja kwa moja. Ukitaka pikipiki ndiyo iwe imevuka, utaandika "Ikivuka", na maana itageuka kwa irabu moja.

Kama kweli Kiswahili kingekuwa na kanuni ya kukifunga kishazi tangulizi kwenye kiima cha sentensi kuu, sentensi ya pikipiki ingekuwa mbovu, kwa kuwa inaivunja kanuni hiyo waziwazi. Si mbovu. Basi kanuni hiyo haimo katika sarufi yetu, angalau haimo kwa sentensi za namna hii.

Hapa ndipo inapofaa kuona mazoea ya kalamu nyekundu yalikotoka. Katika Kiingereza, kitenzi cha kishazi kama hiki hakibebi alama yoyote ya nafsi: umbo lake ni hilo hilo kwa mimi, kwa wewe, kwa mwanafunzi na kwa pikipiki. Msomaji wa Kiingereza hana kiambishi cha kumwongoza, na ndiyo maana vitabu vya shule vya lugha hiyo vikaweka mwongozo wa kukipeleka kishazi kwa kiima kilicho karibu, na kuiona sentensi ya pikipiki kama mfano halisi wa kosa. Hata huko wenyewe hawajakubaliana. Wapo wanasarufi wanaosema kwamba ni suala la kumjali msomaji na si kanuni ya lugha. Kwetu sisi mwongozo huo uliingia kupitia madarasa na tafsiri, ukaikuta lugha ambayo kwa sehemu kubwa haiuhitaji.

Hatua ya nne: jibu hoja ya mzee wa meza

Kipimo cha pikipiki kina tundu moja, na mhariri mzoefu atalitia kidole. Nakumbuka mabishano ya aina hii kati ya mhariri mkongwe na kijana aliyekuwa akijifunza kazi. Kijana alimaliza kueleza habari ya ngeli kwa furaha, na mkongwe akamjibu kwa upole: "Sawa mwanangu, pikipiki si mtu. Lakini wakiwa watu wawili, labda hapo kanuni ipo, kwamba lazima kishazi kiende kwa kiima. Utanionyeshaje kwamba haipo?" Kijana alifikiri kidogo, kisha akasema: "Mzee, mbona kwenye wasifu wa marehemu tunaandika kila siku, 'Akiwa na umri wa miaka miwili, baba yake alifariki dunia'?"

Jibu hilo linatosha, na linastahili kukaguliwa kwa karibu. Kiima cha sentensi kuu ni "baba yake". Baba ni mtu, ni umoja, na anapatana na a- bila shida yoyote. Kwa kanuni inayodaiwa, baba ndiye angekuwa na umri wa miaka miwili. Hakuna msomaji anayeelewa hivyo. Kila mtu anajua mwenye miaka miwili ni mtoto, ambaye kwenye sentensi hii hakutajwa kwa nomino yoyote ila kwa kimilikishi "yake" tu. Sentensi za namna hii zimejaa kwenye wasifu unaosomwa misibani na kwenye magazeti, zimeandikwa na watu wenye Kiswahili kizuri, na hazimshtui mtu.

Tunachokiona, basi, ni makisio. Palipo na watu wawili, msomaji huanza kwa kukisia kwamba mwenye kishazi ni kiima, kisha maana ikimkatalia, kama inavyomkatalia kumpa baba miaka miwili, huhamia kwa mwingine bila hata kujua kwamba amehama. Sentensi yetu ya Manzese inakwamisha kwa sababu maana haikatai: dereva anaweza kuvuka barabara na mwanafunzi anaweza kuvuka barabara. Makisio ya kwanza hayapati cha kuyasahihisha, na msomaji anaondoka na maana ambayo mwandishi hakuikusudia, akiwa na uhakika kamili. Ndiyo maana utata wa aina hii ni hatari kuliko kosa la sarufi, ambalo angalau hujitangaza.

Utata huu hauishii kwa binadamu. Wanyama nao hupatana kwa ngeli ya A-WA, kwa hiyo "Akivuka barabara, mbwa alimuuma mtoto" ina tatizo lile lile, wakati "Akivuka barabara, gari lilimgonga mbwa" haina.

Hatua ya tano: waulize wasomaji, ila usiwaulize swali moja

Kipimo cha mwisho ni masikio ya watu wengine, na hapa wengi huharibu kwa namna wanavyouliza. Ukimpa mtu sentensi na kumuuliza "Je, hii ni sahihi?", umeshamchanganyia mambo mawili, naye atajibu "hapana" kwa sababu yoyote ile. Tenganisha. Mpe mtu mmoja sentensi peke yake kwenye karatasi na umuulize, "Nani alikuwa anavuka?" Usimtajie majina ya kuchagua, maana ukimtajia utakuwa umemfumbua macho kuhusu utata ambao huenda asingeuona. Mpe mtu mwingine sentensi hiyo hiyo na umuulize, "Ungebadilisha neno gani ili kiwe Kiswahili?" Kisha wape wote sentensi ya "kilimgonga".

Sikiliza namna wanavyojibu kuliko jibu lenyewe. Kwenye kosa la sarufi, msikilizaji hukurekebisha umbo: atalirudia neno lako likiwa limenyooshwa, "alimgonga, siyo kilimgonga", mara nyingi bila hata kuulizwa. Kwenye utata, msikilizaji hukuuliza mtu: "Nani, dereva au mwanafunzi?" Anayeuliza "nani?" ameshaipokea sentensi kuwa Kiswahili, anachokosa ni habari. Yupo pia asiyeuliza wala kurekebisha, akajibu "dereva" papo hapo. Huyo naye ni ushahidi wa upande ule ule, kwamba sentensi imemfikishia maana iliyokamilika, japo si ile ya mwandishi.

Umbo la hatari zaidi: kitenzi kisicho na nafsi

Kabla ya kurekebisha, inafaa kuonya kuhusu umbo moja ambalo waandishi hulikimbilia wakidhani wanakwepa tatizo. Wanaondoa "Akivuka" na kuandika "Wakati wa kuvuka Barabara ya Morogoro, pikipiki ilimgonga mwanafunzi." Sasa kiambishi cha nafsi hakipo kabisa. Kitenzi-jina "kuvuka" hakisemi anayevuka ni nani, na ile irabu moja iliyokuwa ikituokoa kwenye hatua ya tatu imetupwa. Hapo Kiswahili kimejiweka katika hali ile ile ya Kiingereza.

Hata umbo hili si kosa la sarufi. "Kabla ya kula, mikono ioshwe" ni agizo safi, na hakuna anayedhani mikono ndiyo inayokula. Ila linategemea akili ya msomaji kwa kila kitu, na kwenye habari ya tukio, ambako msomaji hakuwapo, tegemeo hilo ni dogo mno.

Hatua ya sita: kurekebisha

Kwanza tafuta taarifa. Kama hujui nani alivuka, mpigie mwandishi. Sentensi yenyewe haiwezi kukwambia, na ubingwa wako wa lugha hauwezi kuziba pengo hilo.

Ukishajua kwamba ni mwanafunzi, njia iliyo imara kuliko zote ni kukigeuza kishazi kuwa cha rejeshi na kukiunganisha na nomino yake: "Dereva wa bodaboda alimgonga mwanafunzi aliyekuwa akivuka Barabara ya Morogoro eneo la Manzese." Rejeshi "aliyekuwa" hushika mara moja nomino inayoitangulia, kwa hiyo hata watu wakiwa wawili hakuna kugombania. Kama ungependa habari ianze na mwanafunzi, mtangulize ndani ya kishazi chenyewe: "Mwanafunzi alipokuwa akivuka Barabara ya Morogoro eneo la Manzese, dereva wa bodaboda alimgonga." Kutendwa nako kunafaa: "Akivuka Barabara ya Morogoro eneo la Manzese, mwanafunzi aligongwa na dereva wa bodaboda." Hapa tumeyafuata makisio ya msomaji badala ya kupigana nayo, kwa kumweka mwenye kishazi kwenye kiima. Mimi huichagua hii ya mwisho pale tu aliyegongwa anapokuwa ndiye kiini cha habari.

Yapo marekebisho mawili ya bandia ambayo huonekana mara kwa mara. La kwanza ni kubadilisha "Akivuka" kuwa "Alipokuwa akivuka" bila kutaja nomino. Sentensi inarefuka na kusikika rasmi zaidi, lakini a- ni ile ile na wadai wake ni wale wale wawili. La pili ni kukihamishia kishazi mwisho: "Dereva wa bodaboda alimgonga mwanafunzi akivuka Barabara ya Morogoro." Hii inasogea upande wa mwanafunzi kwa sababu ya ukaribu, ila dereva hajatoka. Msomaji makini bado anaweza kuuliza kama dereva aligonga huku akivuka.

Kuhusu maelezo ya pembeni, kama unamrudishia mwandishi kazi yake, usiandike "kosa la sarufi" kwenye sentensi hii. Atatafuta upatanisho uliovunjika, hataupata, na huenda akabadilisha kitu kilichokuwa sawa. Pigia mstari kiambishi a- cha "akivuka", chora mishale miwili, mmoja kwenda kwa dereva na mmoja kwenda kwa mwanafunzi, kisha andika "Nani?"